Kumi kwa Kumi

Muhula uliopita nilipata kumi kwa kumi katika ufahamu. Kifungu kilihusu Bi Asha aliyekwenda sokoni, nacho kilikuwa na maswali kumi chini yake. Nilimpigia mama picha ya karatasi ile, naye akaituma kwa ndugu wote. Mimi niliyezaliwa huku Marekani, niliyezoea kuitikia kwa Kiingereza kila nikisemeshwa Kiswahili, nilijiona nimefika.

Wiki hiyohiyo babu alituandikia kutoka Pangani. Babu huandika kwa kalamu, kisha shangazi hupiga picha na kututumia kwa Wasap. Mama alikuwa kazini zamu ya usiku, akaniambia, "Nisomee wewe, mwanangu, nieleze kwa ufupi." Nikasoma yote kwa sauti chumbani kwangu bila kukwama, nikampigia: "Babu hajambo. Nazi zimeanguliwa, mkwezi ameshalipwa, na babu amemkopesha jirani hela." Mama akacheka. Akasema kama babu anakopesha watu, basi mwezi huu hana shida.

Barua ilisema hivi: mkwezi nimekwisha kumlipa, kwa fedha nilizokopeshwa na jirani.

Nilizokopeshwa. Babu hakumkopesha mtu, yeye ndiye aliyekopa. Mama aliisoma barua mwenyewe siku tisa baadaye. Hakunigombeza, alinyamaza tu, na hilo liliniuma zaidi. Siku tisa babu alikuwa akipishana njiani na jirani anayemdai, na sisi huku tulikuwa tumetulia kwa sababu yangu.

Nilirudi kwenye karatasi yangu ya kumi kwa kumi nikitaka kujua ilinipimaje. Swali la kwanza: Bi Asha alinunua nini? Kifungu: Bi Asha alinunua vitunguu. Swali la pili: Alikwenda sokoni na nani? Kifungu: Alikwenda sokoni na mwanawe. Yote kumi yalikuwa hivyo. Nilichofanya ni kutafuta sentensi inayofanana na swali na kunakili kipande kilichobaki.

Jaribu mwenyewe kwa sentensi hii niliyoibuni, isiyo na maana yoyote: Bade aligolota vidundwe vitatu asubuhi. Nani aligolota vidundwe? Bade. Aligolota vidundwe vingapi? Vitatu. Aligolota lini? Asubuhi. Tatu kwa tatu, na hakuna ajuaye kidundwe ni nini. Kiswahili kinatusaidia kudanganya hapa, kwa kuwa viambishi vinatuonyesha nini kinakwenda na nini. Ukiona vidundwe na vitatu unajua vinahusiana, hata kama hujui ni chakula au viatu.

Jambo la pili nililogundua ni jinsi nilivyokuwa nikihesabu maneno ninayoyajua. Mwalimu wetu alituambia tuchague kifungu cha kiwango chetu kwa kuangalia maneno mageni. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti uliotumia hadithi ya Kiingereza, wakaona kwamba ili wasomaji wengi waielewe vizuri bila msaada, walihitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yake. Yaani katika kila maneno 100, mageni yasizidi mawili. Kwa hesabu hiyo barua ya babu ilikuwa ya kiwango changu kabisa. Neno geni kwangu lilikuwa moja tu, mkwezi, nalo nililikisia.

Lakini nilizokopeshwa nililihesabu kuwa ninalijua, kwa sababu nililiona kopa ndani yake. Kopa nimelisikia tangu utotoni. Sikuangalia kilichofuata. Kopa ni kuchukua, kopesha ni kutoa, na ile w ndogo katika kopeshwa inageuza tena, unakuwa wewe uliyepewa. Hata lile na baada yake nililisoma kama la "baba na mama", kumbe hapo linamtaja aliyetoa. Neno moja la Kiswahili hubeba sentensi nzima ya Kiingereza, kwa hiyo kujua mzizi wake si kulijua neno. Sisi tuliokulia na lugha nyumbani tunanaswa hapa kwa urahisi, maana mizizi tunayo mingi. Nyumbani mtu akisema kopeshwa, uso wake unakwambia kama anadai au anadaiwa. Barua haina uso.

Basi zamu yangu ya kuandaa ufahamu kwa ajili ya mkutano wa chama ilipofika, nilimwomba babu ruhusa nikaandika hiki:

Babu ana minazi ishirini. Mkwezi aliangua nazi, na mnunuzi akazichukua kwa gari. Mkwezi alilipwa siku ileile kwa fedha ambazo babu alikopeshwa na jirani. Mnunuzi aliahidi kuleta fedha Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita, na babu bado anakaa barazani akitazama barabara.

Maswali yangu ya kwanza yalikuwa matatu. Nazi hutoka kwenye mti gani? Mnunuzi alizichukua kwa chombo gani? Nani alikopeshwa fedha? Niliwapa wenzangu wawili. Mmoja ameanza Kiswahili mwaka huu na kwao hakisemwi. Alipata yote, lakini nilipomwomba anisimulie kwa Kiingereza alisema babu ni tajiri anayekopesha watu. Nilijisikia ninajitazama kwenye kioo. Wa pili alizaliwa Maskati na bibi yake huongea Kiunguja. Yeye alijibu swali la mnazi kabla sijampa kifungu. Swali linalojibika bila kusoma halipimi kusoma.

Nikayafuta yote matatu nikaweka moja: Nani anamdai nani? Neno dai halimo kwenye kifungu, kwa hiyo hakuna sentensi ya kunakili. Lazima ugeuze alikopeshwa uone kwamba jirani anamdai babu. Lazima pia uzihesabu zile Ijumaa tatu uelewe kwamba babu anamdai mnunuzi, ingawa hakuna palipoandikwa kwamba hajalipwa. Na lazima umwache mkwezi nje, yeye hamdai mtu.

Niliwaruhusu wajibu kwa Kiingereza au kwa kuchora mishale, ili anayeelewa asianguke kwa sababu hajui kuandika jibu. Yule anayeanza alichora mishale kinyume. Hapo tukajua kosa liko wapi, tukakaa na kopa, kopesha na kopeshwa kwa nusu saa. Yule wa Maskati naye alikosea mara ya kwanza. Nilipomsomea kifungu kwa sauti, akaweka mishale sawa papo hapo. Sikio lake liko mbele ya jicho lake, na kifungu kimoja hakiwezi kuwa kiwango cha vyote viwili.

Mama alituma fedha siku ileile aliyoisoma barua. Nami nilimtumia babu kifungu changu pamoja na maswali, ya zamani na jipya. Barua yake iliyofuata ilikuwa fupi. Alisema mnunuzi amekuja, jirani amelipwa, na kwamba minazi yake si ishirini bali thelathini na miwili, nirekebishe.

Chini kabisa, kwa kalamu, alikuwa ameandika: Swali. Jirani amelipwa kwa fedha ya nani, ya mnunuzi au ya mama yako?

Nimeisoma barua ile mara nne. Jibu limo, lakini halikuandikwa popote.