Babu Alivaa Namba

Kizazi changu kilifundishwa kukimbia na redio. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, akaongoza mizunguko yote, na John Walker aliyekuwa akimfukuza hakumpata. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nilikuwa mwanafunzi hapa Songea. Tangu siku hiyo kila kijana aliyeshika mbio shuleni kwetu alijua namna moja tu: bunduki ikilia, toka. Atakayeweza akufuate.

Mimi nilipeleka tabia hiyo kwenye marathoni, na sikuwa peke yangu. Juma Ikangaa alikuwa bingwa wa kutangulia. Mwaka 1982 kule Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na Gidamis Shahanga waliwaacha wenzao mapema, lakini Robert de Castella wa Australia akaja polepole kutoka nyuma na kumshinda Ikangaa kwa sekunde 12. Boston alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ile ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja. Wapo wanaosema Ikangaa hakujua kupanga mbio. Mimi sikubali. Mtu asiye na mbio kali za mwisho hana budi kuwachosha wenzake mapema, na kwa njia hiyohiyo alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Shida ni kwamba sisi wengine tuliiga kutangulia kwake bila kuwa na mapafu yake.

Mjukuu wangu hana habari na redio hiyo. Yeye alimwona Alphonce Simbu kwenye simu. Septemba 2025 mjini Tokyo, Simbu alikaa kundini kilomita baada ya kilomita, akaingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akamnyaka kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, na binti huyu akaja kwangu jioni moja akasema, “Mume wangu, nifundishe kusubiri kama yule.”

Nikamjibu, “Mke wangu, kusubiri kunaanza na hesabu.”

Alikuwa amejiandikisha mbio za kilomita 10 za hapa mjini, zake za kwanza. Nilimpeleka kwanza akimbie kilomita 5 kwa nguvu zake, nikiwa na saa mkononi. Akatumia dakika 31. Yeye akazidisha mara mbili papo hapo: dakika 62! Miguu haizidishi hivyo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwendo hupungua kidogo, na kwa mkimbiaji wa kawaida muda huongezeka mara mbili na asilimia nne hivi juu yake. Nikamwandikia dakika 65, yaani dakika 6 na nusu kwa kila kilomita. Akanuna. Dakika tatu kwa kijana ni kama matusi.

Kisha nikaenda kulipa kiingilio changu. Jirani alinicheka, mzee wa umri wangu kununua namba ya kifuani wakati ningeweza kumngojea mjukuu njiani na kukimbia naye pale nitakapo. Lakini riadha ina sheria: asiyeshiriki mbio haruhusiwi kumvuta mshiriki. Anayemwongoza mwenzake huanza naye mstarini, kama mshindani mwingine yeyote.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na baridi ile ya Songea ya katikati ya mwaka, inayokufanya usugue viganja. Mji wetu uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari na hauna tambarare ndefu: unashuka, unapanda. Njia ilianza kwa mteremko kuelekea barabara ya Mbinga, kisha tungegeuka na kurudi kwa kupanda. Njia ya namna hiyo ni mtego wa mgeni, kwa sababu inampa mwanzoni kitu ambacho itakuja kumdai.

Filimbi ilipolia umati ulichomoka. Niliona visigino vya mjukuu wangu vikitaka kuufuata, nikamwambia, “Kaa kwangu.” Nilikimbia nusu hatua mbele yake, ubavuni, upande unakotoka upepo. Sikugeuka kumwangalia, anayeongoza akigeuka-geuka, mwendo wake hukatika na wa nyuma naye hukatika. Kilomita ya kwanza tuliimaliza kwa dakika 6 na sekunde 40. Watoto wa shule za msingi walikuwa wametupita, na mama mmoja mwenye kanga kiunoni pia.

“Babu, tunachelewa.”

“Niambie ulikula nini jana usiku.”

Akanieleza ugali, samaki na mboga za maboga, sentensi nzima bila kukata pumzi. Hicho ndicho kipimo changu. Nusu ya kwanza ya kilomita 10, kwa mgeni, lazima maneno yatoke yakiwa mazima. Yakianza kutoka mawilimawili kabla ya kilomita ya tano, mwendo umezidi, hata saa iseme nini. Simu yake ilikuwa ikitaja mwendo kila mara, ikipanda na kushuka kadiri tulivyopita chini ya miti na kwenye kona. Nikamwambia aifunge, atazame muda wote kwa jumla tunapofika kwenye kibao cha kilomita. Kwenye mteremko nilimfupishia hatua, maana anayeshuka kwa hatua ndefu hupiga breki kwa mapaja, na mapaja hayo ndiyo atakayopandia.

Tuligeuka kwenye dakika 32 na sekunde 20. Kilima kilianza baada ya kilomita ya sita. Hapo sikutazama saa kabisa, nilisikiliza miguu yake. Mkimbiaji anayechoka husikika kabla hajaonekana: unyayo unaanza kupiga lami kwa kishindo, kisha mabega yanapanda kuelekea masikioni. Nilipousikia ule mlio nilipunguza, nikamwambia alegeze viganja na kushusha mikono. Kilomita ya saba ilitugharimu dakika 6 na sekunde 55. Kijana wa 1974 angepigana na kile kilima ili sekunde zisipotee. Mimi niliziacha zipotee, kwa kuwa pumzi inayopotea kilimani hairudi upesi, na sekunde zinaweza kurudi.

Zilirudi. Kwenye kilomita ya tisa tulianza kuwapita waliotuacha mwanzoni, mmoja mmoja, wengine wakitembea huku wameshika viuno. Yule mama wa kanga hatukumpata. Ilipobaki kilomita moja nilimwambia mjukuu wangu, “Sasa nenda.” Akaondoka bila kuaga, nami nikabaki nikihesabu visigino vyake vikienda mbali.

Alimaliza kwa dakika 64 na sekunde 50. Kilomita yake ya mwisho, dakika 5 na sekunde 55, ndiyo ilikuwa ya kasi kuliko zote. Mimi niliingia baadaye.

Sasa anataka kilomita 21. Nimemwandikia saa 2 na dakika 23, amenuna tena. Goti langu la kushoto limeshakataa safari hiyo, kwa hiyo anatafuta mtu wa kumwongoza. Aliye tayari na ajitokeze, ila alipe kiingilio na kuvaa namba.