VIGAE TISINI NA TANO HAVITOSHI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kuwa hata daftari lenyewe laweza kudanganya, hasa likiwa na hesabu moja tu. Nitaeleza jinsi tulivyohesabu vigae, au taili kama mafundi wanavyoziita, vya kutandika sakafu ya chumba ambacho mama yangu anashonea nguo. Pesa zilikuwa za chama, zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, na zamu nyingine ingekuja baada ya mwaka mzima. Kwa hivyo vigae vikipungua ni taabu, na vikizidi mno ni hasara.

Chumba chenyewe si cha mraba wala si mstatili. Urefu wake ni mita 4.70. Upande wa mlango upana wake ni mita 3.50. Lakini kona moja imemegwa na stoo, kipande cha mita 1.50 kwa urefu, hata upana pale penye stoo ukabaki mita 2.40 tu. Juu ya hayo, ukuta wa nyuma unafuata mpaka wa shamba, nao umekwenda upande. Ukipima upana karibu na mlango unapata 3.50, na ukipima pale ukuta unapogusana na stoo unapata 3.74. Mtu akipima mara moja tu katikati ya chumba hawezi kujua jambo hili. Ndiyo maana ni lazima kupima kila ukuta katika ncha zake zote mbili.

Kona nazo tulizipima. Nadharia ya Pithagorasi tuliyoisoma Kidato cha Pili ilifanya kazi hapa. Unaweka alama sentimita 60 kwenye ukuta mmoja kutoka kwenye kona, na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha unapima kati ya alama hizo mbili. Ukipata 100 kamili, kona ni ya mraba. Kona tatu zilikuwa sawa. Ile ya mlangoni na ukuta wa nyuma ilizidi 100, nasi tukajua kuwa ukuta ule ndio unaokimbia.

Eneo sasa lilikuwa rahisi. Nilikigawa chumba mara mbili. Sehemu kubwa ina urefu wa mita 3.20, na wastani wa upana wa 3.50 na 3.74 ni 3.62, kwa hivyo eneo ni mita mraba 11.58. Sehemu ya mbele ya stoo ni 1.50 mara 2.40, yaani 3.60. Jumla ni 15.18. Vigae alivyovipenda mama vilikuwa vya sentimita 40 kwa 40, na kimoja kinafunika mita mraba 0.16. Muuzaji dukani alibonyeza kikokotoo chake akasema, "Mama, ni 95. Katoni ina 10, chukua katoni 10, zitabaki 5." Hesabu yake haikuwa na kosa la kugawanya. Kosa lake ni kufikiri kwamba kigae ni kama maji, ukimwaga kinajaza kila pembe.

Kigae hakimwagiki. Kikikatwa, kipande kinachobaki huenda kikafaa mahali pengine au kisifae popote. Basi njia ya kweli ni kuvihesabu kimoja kimoja kwenye mchoro. Nilichukua karatasi ya miraba kutoka katika daftari langu la hesabu, kila mraba ukawa kigae kimoja pamoja na mwanya wake. Mwanya ni ile nafasi ya milimita 3 inayoachwa kati ya kigae na kigae, ambayo baadaye hujazwa grauti. Kwa hivyo hatua ya kila kigae ni sentimita 40.3, si 40. Kisha nikachora kuta juu ya miraba hiyo.

Fundi wetu, mzee mmoja ambaye ametandika nyumba nyingi mtaani, aliutazama mchoro akauliza, "Kijana wangu, unaanzia wapi?" Nikamwambia kwenye kona ya mlango, ule upande usio na kasoro. Akakubali. Alisema mteja akiingia macho yake huanguka mlangoni, kwa hivyo vigae vizima vikae hapo, na vile vya kukatwa visukumwe hadi nyuma ambako kuna kabati na meza ya cherehani.

Kwa urefu wa mita 4.70 vinaingia vigae 11 vizima, kisha inabaki nafasi ya karibu sentimita 27. Hiyo inataka kigae cha 12 kikatwe. Kipande kinachobaki ni cha sentimita 13, na 13 haiwezi kuziba nafasi ya 27. Hivyo kila safu inakula vigae 12, hata kama eneo linasema inahitaji pungufu. Safu 6 za kwanza zinapita mbele ya stoo, nazo ni 12 mara 6, yaani 72. Safu 3 zinazofuata zinagonga ukuta wa stoo, kila moja inachukua 8, yaani 24. Jumla ni 96.

Sasa tazama ukuta uliokwenda upande. Safu ya 9 inaishia mita 3.62 kutoka ukuta wa mbele. Karibu na mlango ukuta wa nyuma uko 3.50, kwa hivyo safu hiyo inakatwa na kutosha. Lakini karibu na stoo ukuta uko 3.74, na hapo panabaki ufa mrefu kama kabari, unaoanza na sifuri katikati ya ukuta na kuishia na upana wa sentimita 11. Ufa huo unataka vipande 4. Mtu asiyechora angekata vigae vipya 4. Sisi tulikuwa na vile vipande 6 vya sentimita 13 vilivyobaki mwisho wa safu za kwanza, na 13 inatosha 11. Vinne vikaingia kwenye ufa bila kuongeza hata kigae kimoja. Kumbe kipande si taka mpaka uone kuwa hakina mahali.

Nikafurahi kwamba 96 haiko mbali na 95 ya muuzaji. Fundi akacheka. "Na skatingi je?" Skatingi ni ule ukanda wa chini ya ukuta unaozuia maji ya kupigia deki yasichafue rangi. Sisi tulitaka ikatwe kutoka katika vigae vilevile, na kigae kimoja kinatoa kanda 4 za karibu sentimita 10. Kuta zote ukizizunguka ni mita 16.65. Ukiondoa mlango wa sentimita 90, zinabaki 15.75, ambazo zinataka kanda 40. Kanda 2 zilitoka kwenye vile vipande vilivyobaki, na 38 zikahitaji vigae 10. Kwa hivyo tulifika 106, na hatujavunja hata kimoja.

Kuvunja hakuepukiki, na fundi alijua mapema ni wapi kutavunjika. Aliweka kidole kwenye mchoro, pale kona ya stoo inapoingia ndani ya chumba. Kigae cha pale kinakatwa pembe ndogo tu, sentimita 2 kwa 1 na nusu, na mkato wa kuingia ndani hupasua kigae kuanzia penye pembe. Vigae 7 vinavyofuata kuta za stoo navyo vinapunguzwa chini ya sentimita 2 na nusu. Mashine ya mkono huchora mstari kisha huvunja. Ikiambiwa ivunje ukanda mwembamba kiasi hicho, mara nyingi mkato hupotoka. Hivyo hukatwa kwa grainda, polepole, na bado vingine hupasuka.

Mafundi wengi huongeza asilimia 10 juu ya eneo kama vigae vinatandikwa vimenyooka. Kwetu hiyo ni mita mraba 16.7, sawa na vigae 105, yaani katoni 11. Ukiangalia kanuni hiyo peke yake unaona mambo ni shwari. Lakini asilimia 10 ile ni ya mikato na kuvunjika, haikuhesabu skatingi. Katoni 11 zina vigae 110. Tukitoa 106, vinabaki 4 tu vya kuvunjika. Mama alinyamaza kidogo akifikiria pesa zake, kisha akasema, "Haya, 12."

Dada yangu alikuwa anataka vigae vilale kimshazari kama kashata. Ni mtindo wa kupendeza, lakini kila kigae kinachogusa ukuta hukatwa, na vipande vinavyobaki ni vya pembetatu, havifai kwa skatingi. Kwa mtindo huo huongezwa asilimia 15. Chumba chetu kingekula 110, na skatingi 10, jumla 120. Katoni 12 zingeisha zote pasibaki akiba. Mama alisema kashata ataikula kwenye sahani.

Kazi ilichukua siku 2. Kigae cha kona ya stoo kilipasuka mara 2, cha tatu kikakubali. Viwili vingine vilipasuka kando ya stoo, na kimoja kilitoka dukani kikiwa na ufa. Kabla ya kukibandika, fundi alikigonga kwa ukucha, kikalia sauti ya kufa badala ya kulia kama kengele. Jumla ya vilivyoharibika ni 5. Sasa jumlisha mwenyewe, msomaji: 106 na 5 ni 111. Katoni 11 zingetuacha tukikosa kigae kimoja.

Utasema kigae kimoja ni nini, si ukanunue kingine? Hapo ndipo penye taabu. Udongo na moto wa tanuri havilingani siku zote, kwa hivyo vigae vya jina moja vilivyochomwa nyakati mbalimbali huweza kutofautiana rangi, na hata ukubwa kwa milimita. Ndiyo sababu kila katoni hupigwa nambari ya rangi na ya toleo. Tulipokuwa dukani tulizisoma nambari hizo katoni kwa katoni, na za toleo letu zilikuwa 13 tu. Tuliporudi wiki iliyofuata kununua grauti, hiyo ya 13 ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Vigae 9 vilivyobaki viko chini ya kitanda, pamoja na kipande cha katoni chenye nambari. Pasi ya makaa ikimponyoka mtu siku moja ikapasua sakafu, kigae cha kurekebishia kipo tayari, tena cha rangi ileile.