Zawadi ya Anayekesha na Vitabu

Watu wetu ni wepesi wa kutoa zawadi baada ya jambo kwisha. Mtu akifaulu mtihani hupelekewa kanzu, saa ya mkono na sinia la halua. Lakini ile miezi aliyokuwa akikesha peke yake chini ya taa, hapana aliyemgongea mlango ila mdai. Na wachache wanaokumbuka kumpelekea kitu wakati ule wa taabu, mara nyingi humpelekea kile kinachomzidishia taabu. Twataka kulieleza jambo hili kwa habari ya mpwa wetu, mwenyewe akiwa ameturidhia tuyaandike.

Kijana huyu (twamwita kijana kwa kuwa tulimfundisha alifu na bee, ingawa leo ana miaka 36, mke na watoto wawili) ni karani wa hesabu hapa Tanga. Alikuwa akisomea mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, naye alikuwa amebakiwa na masomo matatu ya ngazi yake. Mara mbili alikwisha kuyafanya asiyapate. Ada ameilipa mara mbili, na mara ya tatu aliilipa kwa kuuza baiskeli ya mwanawe. Mtu mzima akishindwa si kama mtoto wa shule. Mtoto hushindwa mbele ya mwalimu, na huyu hushindwa mbele ya mkewe, wakwe zake na mkuu wake wa kazi.

Ulipokaribia mtihani wa mwezi wa Mei, wenzake wa kazini walimhurumia wakamchangia zawadi. Walimletea katoni nzima ya vinywaji vya makopo, hivi viitwavyo vya kuongeza nguvu, ili asisinzie usiku. Nia yao ilikuwa njema, wala hatumlaumu hata mmoja. Lakini wiki ya tatu baada ya zawadi ile, mpwa wetu alisinzia juu ya pikipiki asubuhi akienda kazini, akaingia mtaroni. Mungu alimnusuru, akachubuka mguu tu. Tulipokwenda kumtazama tulimuuliza, “Usiku walala saa ngapi?” Akajibu, “Mjomba, vitabu navifunga saa nane, lakini usingizi hauji mpaka saa tisa. Na saa kumi na moja adhana.”

Basi tulikichukua kopo kimoja tukasoma maandishi yake. Lilikuwa la mililita 250, na ndani yake miligramu 80 za kafeini. Kafeini ndiyo ile iliyomo katika kahawa na chai. Huanza kazi yake mwilini baada ya kama nusu saa, na kwa mtu mzima aliye na afya huchukua kiasi cha saa tano kupungua nusu, kwa wengine pungufu na kwa wengine zaidi. Sasa hesabu hii hata sisi wa madrasa twaiweza. Yeye hunywa makopo mawili saa nne usiku, yaani miligramu 160. Saa tisa, ajilazapo kitandani, zimesalia 80: ni kama mtu aliyeinua kopo zima akalinywa akiwa juu ya mto. Saa mbili asubuhi, akiwa kazini, zingali 40, karibu sawa na kikombe cha chai ya rangi. Kwa hiyo hata zile saa mbili alizolala, hakuzilala sawasawa. Mke wake akatuambia dalili nyingine ambayo hakuijua maana yake: siku za mapumziko asipokunywa, kichwa humgonga tangu adhuhuri, naye huwa mkali kwa watoto. Hiyo ndiyo alama ya mwili uliokwisha kuzoea kafeini na sasa wanyimwa.

Mtu aweza kusema, naam, lakini saa hizo alizokesha si alikuwa akisoma? Alikuwa akitazama vitabu. Asomacho mtu mchana hutulia kichwani katika usingizi wa usiku unaofuata. Aukataye usingizi huwa kama amwagaye saruji kisha akaitembelea kabla haijakauka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba baada ya saa sita usiku ukurasa mmoja huusoma mara tatu, na akiulizwa asubuhi hana la kusema. Hiyo ndiyo ishara ya kuitazama: si macho mekundu wala kupiga miayo, bali kusoma mstari uleule tena na tena.

Hapo zilikuwa zimesalia wiki nane. Tulikaa na mkewe na dada yetu, yaani mama yake, tukafikiri zawadi gani itamfaa. Makopo hatukuyatupa kwa siku moja, kwa kuwa aachaye ghafula huumwa kichwa na kuzubaa siku kadhaa, na siku zake zilikuwa za thamani. Tulimwambia anywe moja badala ya mawili kwa siku nne, kisha nusu kwa siku nne, kisha ashike chai yake ya rangi, na kikombe cha mwisho kiwe alasiri, saa kumi isipite. Mwenye maradhi ya moyo au presha ni vema amwulize tabibu kabla ya kuvigusa kabisa vinywaji hivi, na mama mjamzito vilevile.

Zawadi ya kwanza tuliyoitia kikapuni ilikuwa chupa ya chai ya nusu lita, ndogo makusudi. Kila usiku mkewe huitia maji ya mchaichai na tangawizi, ambayo hayana kafeini hata chembe. Mtu akeshaye hutaka kitu cha moto mkononi kuliko hicho kitu chenyewe. Chupa ikiisha, naye ajue kikao kimekwisha. Dada yetu alitaka kuongeza visheti na kashata. Tukamsihi alete karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha, maana sukari nyingi usiku humlegeza mtu. Alileta vyote, kama ada ya mama.

Zawadi ya pili ndiyo iliyochekwa na wote: saa ya mezani ya kengele, ya kutia betri, ambayo siku hizi hata muuzaji ameisahau kwenye rafu. Tuliinunua kwa sababu mbili. Kwanza, simu yake ilikuwa ndiyo saa yake, na kila aitazamapo wakati hukutana na habari za watu ishirini. Saa ilipokaa mezani, simu ililala chumba cha pili. Ama sababu ya pili, hiyo yataka maelezo.

Pamoja na saa tulimpelekea karatasi za maswali ya mitihani iliyopita, tulizozichapisha dukani tukazifunga kwa uzi, maswali kitabu kimoja na majibu kitabu kingine. Kile cha majibu tulimkabidhi mkewe akifiche. Mtihani wake ni wa saa tatu, nazo ni dakika 180 kwa alama 100; kwa hiyo alama moja ina dakika moja na sehemu nane za kumi, na swali la alama 20 lina dakika 36, haziongezeki. Kila Jumamosi alifanya mtihani mzima kwa saa ile, kengele ikitegwa kila dakika 36. Jumamosi ya kwanza kengele ililia hali ya kuwa yungali katikati ya swali la hesabu za pamoja za kampuni mama na kampuni tanzu. Akaendelea. Swali la pili hivyohivyo, na la tatu. Kila moja alilizidishia kama dakika 12, akitafuta kwa nini pande mbili za mizania hazilingani. Mara tatu dakika 12 ni 36: swali la tano hakuligusa, na alama zake 20 zilikwenda bila ya kujaribiwa.

Alituletea karatasi ile jioni, amekunja uso. “Mjomba,” akasema, “mimi nilidhani sijui. Kumbe najua, lakini simalizi.” Miaka miwili alikuwa akijiongezea usiku wa kusoma, na dawa ilikuwa katika kujizoeza kuacha. Tangu siku hiyo kengele ikilia alipiga mstari, akaacha nafasi, akaenda mbele; alama za mwanzo wa swali huwa nyepesi kuliko za mwisho wake, na mizania isiyolingana bado huwa na alama nyingi ndani yake kwa hatua zilizo sahihi.

Saa tatu hizo za Jumamosi zilitoka wapi, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wawili? Hiyo ndiyo zawadi ya tatu, na haikugharimu ila nauli. Kila Jumamosi baada ya chai ya asubuhi tuliwafuata watoto wale tukawa nao kwetu mpaka alasiri. Hatukusema “tuambie siku ukihitaji msaada,” kwa maana mtu mwenye haya hatasema kamwe. Tulisema siku na saa, tukaenda. Mkewe naye alipata kulala.

Ratiba yake ikawa hivi: baada ya Isha husoma saa mbili hadi saa nne, mapumziko mafupi katikati, saa nne na nusu yuko kitandani, baada ya Alfajiri husoma saa moja nyingine kichwa kikiwa kipya. Mchana kazini, baada ya adhuhuri, hufumba macho dakika 20, ile kailula ya wazee wetu, asizidishe asije akaamka mzito. Saa zake za kusoma zilipungua kutoka tano mpaka tatu kwa siku, na mama yake aliogopa sana jambo hilo.

Kikapuni palikuwa na kadi. Binti mmoja wa jamaa alitaka kuandika, “Twangojea cheti chako.” Tulimkataza, maneno hayo ni deni lililofungwa kwa utepe. Tuliandika, “Tumeona taa yako ikiwaka. Jumamosi tutawachukua watoto.” Pia tulipatana nyumba nzima kwamba hapana atakayemwuliza “umefikia wapi?” Atakayetaka kuuliza, aulize kama amekula.

Usiku wa kuamkia mtihani alitaka kukesha. Mkewe aliichukua ile chupa akaijaza mara moja, na ilipokwisha akaifungia kabatini pamoja na vitabu. Matokeo yalipotoka, masomo mawili aliyapata; la tatu lilimpita, naye atalirudia. Saa ya kengele ingali mezani pake, na jana alituma mtoto kununua betri.