Fedha Zilizomo Simuni Si Zote Zetu

Katika darasa letu la akina mama hapa Mombasa, mara kwa mara hutujia dada aliyefungua biashara ndogo ya nyumbani, naye akatuuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona nauza, na sioni faida? Tumejifunza kutoanza na bei wala na wateja. Huanza na simu yake. Laini anayopokelea fedha za wateja ndiyo iyo hiyo anayotumiwa matumizi na mumewe, ndiyo anayonunulia tokeni za stima, na ndiyo inayopokea fedha za ndugu walio safarini.

Mmoja wao huuza sambusa za kugandishwa. Hununua nyama na manda, akazikunja mwenyewe, akazipanga kwenye friza na kuziuza kwa oda. Alianza na mtaji wa shilingi 15,000. Baada ya miezi miwili simu yake ilionyesha 21,400, naye akaona amepata ziada ya 6,400. Alitaka kuzitoa alipe ada ya madrasa ya watoto.

Tulimwomba kwanza atuambie, kwa utulivu, kila shilingi iliyomo ni ya nani. Shilingi 6,000 alizituma kaka yake aliyeko Maskati kwa dawa za mama yao. Hiyo ni amana. Shilingi 4,500 ni malipo ya awali ya oda ya akika ya Jumamosi, na sambusa zenyewe hazijakunjwa. Basi fedha hizo bado ni za mteja mpaka apate chakula chake. Shilingi 3,200 ni deni la muuza nyama. Shilingi 2,700 ni baki ya matumizi aliyoachiwa na mumewe. Jumla yake ni 16,400, na kilichobaki kwa biashara ni 5,000. Tukaongeza nyama, manda na sambusa zilizokuwa kwenye friza, tulizozikadiria kwa gharama yake kuwa 3,000. Biashara ilikuwa na 8,000. Mtaji ulikuwa umeliwa 7,000, na simu ilikuwa ikimwonyesha faida.

Tukanyamaza kidogo. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwetu: "Mwanangu, lau Mwenyezi Mungu angekuchukua usiku huu, nani angejua kuwa zile 6,000 ni za dawa?" Warithi wangezikuta 21,400, na madeni na amana ndiyo hutangulia kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini amana isiyojulikana haitolewi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, nasi twaisoma huku tumeyaacha madeni yetu yakae kichwani.

Hata hivyo, kujua kwamba mtaji umepungua hakukueleza umekwenda wapi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakafunga biashara iliyo nzima. Tuliomba taarifa ya M-Pesa ya miezi miwili kupitia *334#, ikaja kwa barua pepe, tukaichapisha. Tulichukua kalamu mbili: ya kijani kwa kila kilichoingia au kutoka kwa ajili ya sambusa, nyekundu kwa kila kilicho cha nyumba. Kazi hiyo ilituchukua alasiri nzima, maana muuza nyama yule yule humuuzia nyama ya oda na nyama ya mchuzi wa watoto, na ilibidi akumbuke siku moja baada ya nyingine.

Mauzo yalikuwa 58,000. Vilivyotumika kuzitengeneza sambusa hizo, pamoja na nyama iliyokopwa, vilikuwa 46,000. Faida basi ilikuwa 12,000, yaani 6,000 kwa mwezi. Biashara haikuwa na maradhi. Kama isingeguswa, ingekuwa na mtaji wake na faida yake, 27,000. Ilikuwa na 8,000. Nyumba ilichukua 19,000, na katika mistari yote myekundu hakuna hata mmoja uliozidi 1,500: tokeni, gesi ya jikoni, tuktuk, vifurushi vya simu, michango ya harusi mbili. Alikuwa karibu kupandisha bei ya sambusa ili kuponya ugonjwa uliokuwa mahali pengine kabisa.

Jambo la pili tulilolikuta katika taarifa hiyo lilituuma zaidi. Mara tatu alikuwa amenunua tokeni kwa Fuliza. Huduma hiyo hutoza ada kadiri siku zinavyopita, jambo ambalo kila mmoja na aliulize kwa mwanachuoni wake, lakini pia fedha yoyote inayoingia katika laini hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Basi mteja alituma malipo ya awali ya oda, na sehemu ya malipo hayo ikalipia stima ya nyumbani kabla hajaiona. Asubuhi yake alikwenda kukopa nyama. Hiyo ndiyo hatari ya chungu kimoja: hata mtu mwaminifu hutumia mali ya mwenziwe bila kunuia.

Tulimshauri afungue Pochi la Biashara, kwa *334# hiyo hiyo. Huhitaji laini mpya. Wateja hulipa kwa nambari ile ile, ila fedha hukaa katika mfuko wake mbali na M-Pesa ya kawaida. Wengine hupendelea laini ya pili katika simu ndogo inayobaki jikoni, na hilo pia latosha. Lakini mfuko wa pili hautenganishi chochote ikiwa mwenyewe huhamisha fedha kila anapoishiwa. Tumewaona wenye mifuko miwili na vurugu moja.

Kwa hiyo kilichokuwa na uzito zaidi ni ujira. Tulikubaliana ajilipe 800 kila Alhamisi, mara moja tu, na zikishaingia upande wa nyumba ni zake, hazina hesabu. Kwa wiki nne ni 3,200. Katika faida ya 6,000 hubaki 2,800, na kwa kasi hiyo 7,000 zilizoliwa hurudi kwa karibu miezi mitatu. Mteja anayesahau na kutuma kwenye laini ya kawaida, kiasi kile kile huhamishwa siku hiyo hiyo. Malipo ya awali huandikwa katika daftari kwa jina na tarehe ya oda, na hayanunui kitu kingine ila vifaa vya oda hiyo. Sambusa za wageni wa ghafla nazo huandikwa, kwa gharama yake. (Hili ndilo lililoleta ubishi kuliko yote, kwa kuwa wifi hapendi kuandikwa.)

Lilibaki la mumewe, na hilo hatukuliingilia. Alirudi nyumbani na ile karatasi ya rangi mbili. Mali ya mke ni yake, na stima ya nyumba ni katika masurufu ya mume. Akitaka kumsaidia ni hiari yake, lakini iwe imejulikana kama ni zawadi au ni deni. Mumewe aliisoma mistari myekundu, akauliza ule wa tokeni unajirudia mara ngapi. Wiki iliyofuata alianza kununua tokeni kwa simu yake, na zile zilizopita wakaziandika pamoja katika daftari, yeye akiomba ziitwe deni.