Muhtasari unasema heka, hati inasema hekta: namna ya kuandika taarifa ya mgogoro wa ardhi na mwekezaji

Leo naomba tuweke kando viwavi jeshi na bei ya mbolea. Mara nyingi mnaniuliza mfanye nini mwekezaji anapokuja na hati yenye mhuri, na ninyi mna karatasi yenu inayosema kitu tofauti. Mimi ni mtu wa mazao, si mwanasheria wala mpima. Lakini afisa ugani ndiye anayekutwa shambani ugomvi unapoanza, kwa hiyo nimejifunza mambo kadhaa kwa kushika makaratasi ya watu.

Nitatumia kijiji kimoja huku kusini ambacho sitakitaja jina. Miaka mingi iliyopita mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kumpa mwekezaji eneo la kilimo, na muhtasari ukaandikwa "heka 200". Misimu miwili iliyopita trekta lake lilivuka korongo na kuanza kufyeka kwenye mikorosho ya watu. Alipoulizwa akaonyesha hati: hekta 200.

Unajua tunavyosema huku kwetu. Heka ni ile ekari ya hatua 70 kwa 70. Hekta ni kitu kingine: hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwa hiyo hekta 200 ni ekari 494. Herufi moja imeongeza ekari 294, na humo kuna mashamba ya watu na makaburi.

Barua ya kwanza iliyoandikwa na kijiji ilisema, "Tumeporwa ardhi yetu na tunaomba serikali itusaidie." Barua ya namna hiyo haimpi afisa ardhi kitu cha kushika. Atafungua jalada, ataona hati halali imesajiliwa, ataandika kwamba mmiliki anatambulika. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi tulikubali heka, kila mtu hapa anajua." Nikamjibu, "Babu, anayejua yuko hapa. Anayeamua yuko mjini, na yeye anasoma karatasi tu."

Basi barua ya pili tuliijenga juu ya karatasi. Anza na nyaraka zenyewe, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja sema mambo manne: imetoka wapi, ya tarehe gani, inataja ukubwa gani, nani alisaini. Usiseme ipi ni ya uongo. Sema tu zinapopishana, kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa humo. Kama ni "heka" andika "heka", usiisahihishe kuwa "ekari".

Muhtasari upo kwa mtendaji wa kijiji. Omba nakala iliyogongwa mhuri, pamoja na orodha ya mahudhurio, maana orodha ndiyo inayoonyesha kama mkutano ulikaa kweli. Angalia kama majina yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja, au kama yumo mtu aliyekuwa ameshazikwa siku hiyo. Kwa upande wa hati, usitegemee fotokopi aliyowaonyesha meneja. Chukua namba ya hati uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipie ada, upewe majibu ya maandishi. Majibu yatasema nani mmiliki na kama hati imewekwa rehani. Ikiwa ipo benki, benki nayo ni mhusika, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kushtukizwa barazani.

Kwa nini muhtasari una uzito mbele ya hati? Kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiwi ardhi ya jumla hivihivi. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo ni Waziri, baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Na fidia inatakiwa iwe imekubaliwa kabla ya uhamisho. Hekta 200 ziko chini ya 250. Kwa hiyo swali la kuandika kwenye taarifa ni moja: uko wapi muhtasari uliokubali hekta 200?

Karatasi iliyosaidia zaidi hapa hakuna aliyeifikiria. Ni fomu za fidia. Waliolipwa walikuwa kaya 41, na tulipojumlisha maeneo yao tulipata heka 197. Ng'ambo ya korongo hakuna hata kaya moja iliyolipwa. Mtu anaweza kubishana kuhusu herufi, lakini ni vigumu kueleza kwa nini nusu zaidi ya eneo halikufidiwa.

Hapo na mimi nikapata kazi ya fani yangu. Tuliorodhesha mazao ya ng'ambo ile: idadi ya mikorosho, makadirio ya umri wake, jina la mwenye shamba na picha. Mkorosho mkubwa kuliko umri wa hati ni shahidi. Ila usipande mikorosho mipya kwenye eneo lenye mgogoro ukidhani unajiimarisha. Utaonekana umepanda ili ulipwe. Panda mahindi au ufuta.

Tahadhari moja kuhusu simu. Vijana walichukua namba za majira kwenye ramani ya upimaji, wakaziingiza kwenye simu, wakaja juu: "Afisa, mpaka umeingia hadi shuleni!" Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Tofauti ya hiyo mifumo miwili inafika karibu mita 300. Kwenye taarifa andikeni mlikoziona bikoni, na mwombe mpima wa wilaya aje asome mwenyewe. Wala msing'oe bikoni hata moja. Ni kosa la jinai, na kuanzia siku hiyo mgogoro unakuwa wa kwenu na polisi.

Taarifa ipeleke kwa mtendaji wa kijiji na Baraza la Ardhi la Kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, afisa ardhi wa wilaya na mkuu wa wilaya. Kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, nawe ubaki na yako. Tarehe ina kazi. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ukitaka kuishtaki halmashauri au serikali iliyotoa hati, kuna notisi ya siku 90 kwanza, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Hapo tafuta msaada wa kisheria kabla ya kuandika neno. Na usikae sana: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Pale kijijini mpima alikuja, akathibitisha kwamba ramani ni ya hekta 200. Usuluhishi wa kata haukufika popote kuhusu hati, ila meneja alisaini makubaliano kwamba trekta halivuki korongo hadi shauri liishe. Hati bado iko kwa jina lake, na haiwezi kufutwa na kijiji wala kata. Wakati huo korosho za ng'ambo zinaokotwa na wenyewe, na kila mmoja anatunza stakabadhi zake za mauzo kwa jina la shamba.