Mashini ya kesi ao aplikasio ya simu: vile tulivyochagua kwa duka letu la Kadutu

Wengi wenu mnajua duka letu dogo la vyakula kule Kadutu, sisi walimu wanne na wifi zetu wawili. Asubuhi tuko darasani, na binti yetu mmoja, mtoto wa shangazi, ndiye anauza. Pesa ilikuwa inaandikwa katika daftari. Hapo tukaanza kubishana: tununue mashini ya kesi, ile yenye vitufe na droo ya pesa, ao tuweke aplikasio ya kuuzia katika simu? Mashini iliyokwisha kutumika walituomba dola 150. Aplikasio kama Loyverse inawekwa bure, na inauza hata kama simu haina mega. Mtandao ukirudi, inatuma mauzo yenyewe. Lakini bei haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa mchele.

Kwanza tuseme mashini ya kesi inafanya nini. Wifi mmoja aliwahi kufanya kazi katika duka kubwa lenye mashini hiyo, akatueleza vizuri. Kila kitufe cha rayoni kinabeba aina ya vitu: moja vyakula, mbili sabuni, tatu vinywaji. Muuzaji anapiga bei, anabonyeza rayoni, droo inafunguka, karatasi inatoka. Wakati wa muchana unaweza kutoa karatasi X, inakuonyesha hesabu bila kuifuta. Jioni unatoa karatasi Z, inakupa jumla ya siku na kurudisha hesabu ya siku kwenye sifuri. Unahesabu droo, unalinganisha na Z, na kama kuna tofauti unaiona palepale. Hiyo kazi inaifanya vizuri sana, na hata mtu ambaye hakusoma sana anaizoea kwa siku moja.

Lakini Z inasema pesa ngapi imeingia, haisemi mchele gani umebaki. Unaweza kupa kila kitu namba yake ya bei, na mashini itakuhesabia ni ngapi zimeuzwa. Hata hivyo, kwa mashini ndogo kama ile tuliyoonyeshwa, kutoa zilizouzwa katika zilizoingia ni kazi yako wewe, na kalamu yako. Na tena inataka umeme. Kwetu umeme unakatika bila kupiga hodi.

Tukajaribu aplikasio kwa wiki moja, na mchele peke yake. Fuko la kilo 25 tulilinunua franka 60,000. Tunauza kwa kopo, franka 2,500 kopo moja. Kopo letu likijazwa na kufutwa juu kwa kijiti, linabeba gramu 850. Ukigawa kilo 25, unapata makopo 29 na kidogo. Tukaingiza katika aplikasio: fuko moja ni makopo 29. Wiki ile tulileta mafuko manne, basi simu ikaandika 116. Binti akiuza kopo, anagusa jina la mchele, na simu inatoa moja.

Siku ya posho mafuko yote manne yalikuwa matupu. Simu ilisema makopo 108 yameuzwa na 8 yamebaki. Pesa ya mchele ilikuwa franka 270,000, sawasawa na makopo 108. Makopo 8 yako wapi? Hayo ni franka 20,000.

Hapa ndipo nyumba inaweza kuvunjika. Mama mmoja kati yetu alisema wazi kwamba binti anauza mengine bila kuyagusa katika simu na kutia pesa mfukoni. Na ni kweli, wizi wa namna hiyo unaacha alama hiyohiyo: pesa inalingana na simu, lakini vitu havipo. Aplikasio haijui tofauti. Inakuambia tu kwamba kuna shimo, na shimo liko katika kitu gani. Ile Z ingetupa jumla ya vyakula vyote pamoja, mchele, maharagi, unga na chumvi, na shimo lisingeonekana hata kidogo.

Mwalimu wa hesabu kati yetu akaomba mizani kwa jirani anayeuza sambaza. Tukamwambia binti apime makopo kumi vile anavyowapimia watu, bila kumwambia kwa sababu gani. Uzito ulikuwa kilo 9 na gramu 200, pahali pa kilo 8 na nusu. Kumbe kila kopo linakwenda na kilima juu, matabishi ya mnunuzi, karibu gramu 70. Gawa kilo 25 kwa gramu 920: makopo 27. Mafuko manne, makopo 108. Hakuna kopo moja lililopotea. Binti alikuwa anapima kama vile wauzaji wote wa njia yetu wanavyopima, na mnunuzi akiona kopo limefutwa kwa kijiti anavuka upande wa pili.

Ila matabishi yale yana bei. Kwa makopo 29 faida ya fuko ni franka 12,500. Kwa makopo 27 ni franka 7,500. Tulikaa tukaamua kuacha kilima, maana kinaleta watu wanaonunua pia mafuta na sabuni. Katika simu sasa fuko ni makopo 27. Siku hizi shimo likizidi kopo moja kwa fuko, tunatafuta sababu mara moja. Unga na maharagi tulivipima namna ileile, kila kimoja kwa mizani, kwa sababu kopo la unga halina uzito wa kopo la mchele.

Kuna mambo mengine mawili ambayo yalitufanya tubaki na simu. Moja ni madeni. Tuliongeza namna ya kulipa inayoitwa «Deni», hivi jioni simu inatenga pesa iliyo mkononi na pesa iliyo kwa majirani. Jina la mdaiwa bado tunaliandika katika daftari. Lingine ni dola. Aplikasio yetu inahesabu kwa franka tu. Kila asubuhi tunaandika kiwango cha siku kwenye kartoni ukutani, na mwenye dola anahesabiwa kwa kiwango hicho.

Simu nayo ina hatari zake. Ikiibiwa kabla haijatuma, mauzo tangu ilipotuma mara ya mwisho yanapotea nayo. Ndiyo maana kila jioni tunanunua mega kidogo na kungoja hadi yatumwe yote. Simu ya duka inalala dukani, si ya mtu. Neno la siri linajulikana na wamama wawili, si mmoja, kwa sababu mwenye neno la siri peke yake ndiye mwenye duka.

Hatusemi mashini ya kesi haifai. Mwenye kuuza vitu vilivyofungwa, maji, biskuti, maziwa ya boksi, ambaye ana watu wengi kwenye mstari na umeme wa uhakika, atauza haraka zaidi kwa vitufe kuliko kutafuta picha kwenye kioo kidogo. Kwa anayefungua fuko na kuuza kwa kopo, aombe kwanza mizani ya jirani. Ya kwetu bado tunaazima, na kila posho ya kwanza ya mwezi tunapima tena, maana kopo likibondeka kidogo upande, hesabu inabadilika.