Kusoma Neno Kuanzia Mkiani

Kijerumani nilikianza Nairobi, nikiwa tayari muuguzi, kwa sababu bila cheti cha B2 mlango wa hospitali za Ujerumani ulikuwa mgumu kufunguka. Kilichotutesa darasani ni artikeli: kila nomino ina der, die au das yake, na mara nyingi huna njia ila kukariri. Ndiyo maana nilizipenda -ung, -heit na -keit tangu siku niliyofundishwa. Neno lililoundwa kwa kimojawapo cha viambishi hivyo huwa die daima, na wingi wake huchukua -en.

Nilipofika wodini Ujerumani niliona kwamba faili la mgonjwa limejaa maneno ya aina hiyo. Bluten ni kutoka damu, na die Blutung ndiko huko kutoka damu kwenyewe. Atmen ni kupumua, na die Atmung ni upumuaji. -ung hushika mzizi wa kitenzi. -heit hupenda kivumishi: krank ni -gonjwa, na die Krankheit ni ugonjwa. Sisi tunaweka u- mbele, wao wanaweka -heit nyuma. Kwa Mswahili hilo si geni.

Lakini si kila kitenzi hukubali. Schlafen ni kulala, ila usingizi ni der Schlaf; husten ni kukohoa, na kikohozi ni der Husten. Schlafung na Hustung hayapo, ingawa darasani tuliyabuni mara nyingi na mwalimu akayafuta kwa wino mwekundu.

Kuhusu -keit, yeye ni mtoto wa -heit. Katika Kijerumani cha Zama za Kati, vivumishi vyenye mwisho uliokuja kuwa -ig viliposhikana na -heit, sauti mbili ziligandana zikawa -keit. Mpaka leo -keit hufuata -ig, -lich, -sam na -bar. Vivumishi vya -los huomba -igkeit: bewusstlos ni aliyepoteza fahamu, na hali yenyewe ni die Bewusstlosigkeit.

Neno lililonifungua macho lilikuwa limeandikwa juu ya faili, kwenye sehemu ya tahadhari: Unverträglichkeit. Muuguzi mwenzangu, mama wa makamo aliyezaliwa katika mji wa hospitali yetu, alinionyesha kulivua tabaka baada ya tabaka kuanzia mkiani. Toa -keit: hii ni nomino, ni die. Toa -lich: hapo ndani mna kivumishi. Toa un- mbele: ni ukanushi. Kimebaki verträg-, cha kitenzi vertragen, yaani mwili kustahimili chakula au dawa, na ndani yake kabisa mna tragen, kubeba. Kwa hiyo mwili wa mgonjwa huyu hauwezi kukibeba kitu fulani. Kwake kilikuwa maziwa. Tangu hapo sikuliogopa tena neno kwa urefu wake.

Un- ni mwaminifu mbele ya kivumishi, lakini mbele ya nomino hubadilika. Die Unruhe ni kukosa utulivu, sawa. Die Unmenge, hata hivyo, si kukosa wingi. Ni wingi kupita kiasi.

Kiambishi kigumu kuliko vyote ni ver-. Wakati mwingine hugeuza upande wa tendo: mieten ni kupanga nyumba, vermieten ni kupangisha. Wakati mwingine huleta mabadiliko: länger ni refu zaidi, na die Verlängerung ni kurefushwa, neno ambalo kila mgeni analijua kutokana na kibali chake cha kuishi. Na kikiandamana na sich, mara nyingi huonyesha tendo lililoenda kombo. Schlucken ni kumeza; tulipopokezana zamu na kuambiwa „Sie hat sich verschluckt“, maana yake bibi yule amepaliwa. Kwa mgonjwa wa kiharusi hiyo si habari ndogo: vinywaji vyake huenda vikahitaji kuongezwa uzito, na mtaalamu wa kumeza huitwa aje amtazame.

Sasa tazama verschreiben. „Der Arzt hat ihr Tabletten verschrieben“: daktari amemwandikia vidonge. „Der Arzt hat sich verschrieben“: daktari amekosea kuandika. Mzizi ni uleule na ver- ni ileile. Kinachotofautisha dawa ya kutolewa na dawa ya kusimamishwa kwanza hadi daktari aulizwe ni sich peke yake, neno ambalo mtu akizungumza haraka hulimeza nusu.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kuuguza huko, -ung na -keit zitakuzoea zenyewe. Muda wako upe ver-, na kila kitenzi chake ukiandike daftarini mara mbili: kikiwa na sich, na kikiwa bila sich.